Macho yasiyohama: kutambua sura za kompyuta kwenye akaunti za biashara na za uchumba

Mwezi Machi 2022, redio ya umma ya Marekani, NPR, ilisimulia kisa cha Renée DiResta, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia uongo unaosambazwa mitandaoni. DiResta alikuwa amepokea ujumbe kwenye LinkedIn kutoka kwa mwanamke aliyejitambulisha kuwa ofisa mauzo wa kampuni ya programu za kompyuta. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa aina ile ambayo mtu huisoma nusu na kuifuta. Kilichomzuia asiufute ni picha ya mtumaji: hereni ilikuwa kwenye sikio moja tu, nywele kadhaa zilipotea na kutokea tena pasipo mpangilio, mandhari ya nyuma hayakueleweka kuwa ni ya wapi, na macho yalikuwa katikati ya picha, yamenyooka mno.

Waandishi wa NPR walipouliza, chuo ambacho mwanamke huyo alidai kuhitimu hakikuwa na kumbukumbu zake, na mwajiri aliyemtaja hakuwa na mtumishi wa jina hilo. DiResta na mwenzake Josh Goldstein wakaendelea kutafuta, wakapata akaunti zaidi ya 1,000 kwenye mtandao huo huo zenye sura zinazoonekana kutengenezwa na kompyuta, zikidai kuajiriwa na kampuni zaidi ya 70. Nyingi hazikuwa za kijasusi wala za kuiba fedha moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kutupa ndoano: mteja akijibu kwa kuonyesha nia, anakabidhiwa kwa muuzaji wa kweli mwenye mwili na mshahara. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Picha ndiyo iliyoamsha shaka, lakini uthibitisho ulitoka kwingine kabisa, kwa chuo na kwa mwajiri.

Ili kuelewa kwa nini macho yalimsaliti mwanamke yule asiyekuwepo, inabidi kujua namna sura hizi zinavyotengenezwa. Mwaka 2014, Ian Goodfellow na wenzake walichapisha mbinu ya kufundisha programu mbili kwa kuzishindanisha. Programu ya kwanza inachora picha, ya pili inakagua na kusema kama picha hiyo ni ya kweli au ya kuchorwa. Mchoraji akikamatwa anajirekebisha. Mkaguzi akidanganyika naye anajirekebisha. Na mchezo huo ukirudiwa mara nyingi mno, mchoraji anafikia kuchora nyuso ambazo mkaguzi hawezi tena kuzitenga na za kweli. Desemba 2018, watafiti wa kampuni ya Nvidia wakaonyesha programu waliyoiita StyleGAN, iliyofundishwa kwa picha 70,000 za nyuso za watu zilizokusanywa kutoka mtandao wa Flickr. Februari 2019 ukafunguliwa ukurasa wa thispersondoesnotexist.com, ambao ulimpa yeyote sura mpya ya mtu asiyekuwepo kila alipoufungua upya, bila malipo na bila kujisajili.

Tapeli alipata hapo kitu ambacho picha ya kuiba haikuwahi kumpa. Picha ya kuiba ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kujitokeza, au mtu anaweza kuitafuta mtandaoni akamkuta. Sura iliyochorwa haina mwenyewe, haina ndugu wa kuitambua, na ukiitafuta mtandaoni huenda usipate chochote.

Sasa turudi kwenye macho. Zile picha 70,000 hazikulishwa programu kama zilivyopigwa. Kwanza kila moja ilinyooshwa kwa utaratibu mmoja: programu nyingine ilitafuta macho na mdomo, ikaizungusha picha mpaka macho yakawa kwenye mstari mmoja wa mlalo, kisha ikakata mraba ambao, kwa uso unaotazama mbele, upande wake ni takribani mara nne ya umbali uliopo kati ya jicho na jicho. Kitovu cha mraba huo kiliwekwa chini kidogo ya mstari wa macho. Mchoraji aliyefundishwa kwa picha za namna hiyo alijifunza kwamba macho ya binadamu hukaa mahali hapo, kama alivyojifunza kwamba pua iko juu ya mdomo. Kwa hiyo awe amechora mzee, binti au mtoto, aliyecheka au aliyenuna, macho yanaangukia mahali pale pale kwenye picha.

Jambo hili linapimika bila kifaa cha gharama. Chapisha picha husika kwenye karatasi, au ihamishie kwenye skrini kubwa na uweke kipande cha karatasi chenye upana sawa na picha juu yake. Ikunje karatasi hiyo mara mbili kwa wima ili ipate sehemu nne zinazolingana upana, kisha ikunjue. Kama sura ni ya aina hii na haijakatwa, kila jicho litakuwa katikati ya mojawapo ya zile sehemu mbili za ndani, na yote mawili yatakuwa juu kidogo tu ya nusu ya kimo cha picha. Anayetumia simu peke yake anaweza kufungua picha kwenye programu ya kuhariri, ile inayoonyesha mistari ya kugawa picha katika miraba tisa: macho yatakuwa ndani ya mraba wa kati, kila moja likikaribia mstari wa wima wa upande wake.

Kipimo kikali zaidi ni cha kulinganisha. Ukiwa na akaunti kadhaa unazozishuku kuwa za kundi moja, kwa mfano watu watano wanaosifu duka moja kwenye maoni, hifadhi picha zao zote kwa ukubwa mmoja, kisha zipitishe moja baada ya nyingine haraka kwenye gala ya simu. Kama zimetoka kwa mchoraji mmoja, nywele zitabadilika, rangi ya ngozi itabadilika, jinsia itabadilika, lakini macho yatakuwa yamesimama kama misumari miwili ukutani. Watu watano wa kweli waliopigwa picha na simu tano, mmoja harusini, mwingine sebuleni kwake, hawawezi kulingana hivyo hata wakijaribu.

Kile ambacho mchoraji hakujifunza vizuri ni kilichoko nje ya uso wenyewe, kwa kuwa hapo hakuna picha mbili zilizofanana. Alijua mahali pa pua, lakini hakujua kwamba hereni huuzwa kwa jozi. Kwa hiyo sikio la kushoto linaweza kuwa na hereni ya pete na la kulia likawa na kitu kinachofanana na tone la bati. Miguu ya miwani inaweza kuanza na umbo moja upande huu na kuishia na jingine upande ule, au kuzama kwenye ngozi kabla ya kufika sikioni. Kola ya shati inaweza kuwa na ncha upande mmoja na upande wa pili ikawa ya mviringo. Meno ya mbele huenda yakapangwa kwa kufuata katikati ya picha hata kama kichwa kimegeuka kidogo, hivyo jino moja likaonekana kukaa chini ya pua kama nguzo. Na pale pembeni, ambapo kwenye picha halisi pangekuwa na bega la rafiki aliyekatwa, unaweza kukuta kiumbe cha kutisha: nusu uso ulioyeyuka kama mshumaa. Huyo ukimwona, huhitaji kipimo kingine.

Kwa sura za watu wa huku kwetu kuna mahali pa kutazama ambapo maelezo mengi ya Kizungu hayapataji. Anza na nywele zilizosukwa. Msuko wa kweli unaweza kuufuata kwa kidole kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na mstari wa ngozi kati ya msuko na msuko haukatiki. Kwenye sura iliyochorwa, mistari miwili huungana ikawa mmoja bila sababu, au msuko unaanza vizuri juu ya sikio kisha unageuka kuwa nywele zilizotimka. Hijabu nayo inapaswa kuwa na ukingo. Ukiufuata kutoka shavuni kwenda shingoni haupaswi kugeuka ngozi katikati ya njia. Kofia iliyotariziwa ina viua vinavyorudiarudia kwa hesabu, na mshonaji hawezi kuanza na ua akamalizia na ukungu. Kitenge pia kina ruwaza inayojirudia. Mkono wa mashine ulikuwa ukiteleza mara kwa mara kwenye vitu vya namna hii vinavyotaka mpangilio.

Baada ya kusema hayo yote, ni lazima niyapunguze thamani. Sophie Nightingale na Hany Farid walichapisha utafiti mwezi Februari 2022 ambamo watu 315 walionyeshwa nyuso, za kweli na za kompyuta, wakaulizwa ipi ni ipi. Walipatia kwa asilimia 48 hivi, maana yake wangerusha sarafu wasingepata hasara. Kundi jingine lilipofundishwa dalili za kutazama na kuambiwa kila mara kama limepatia, lilifika asilimia 59 tu. Katika jaribio la tatu, watu waliombwa wapime kila uso unaaminika kiasi gani, na nyuso za kompyuta zikapata alama za juu kuliko za watu wa kweli, kwa asilimia 7.7. Waandishi hao walieleza kwamba huenda ni kwa sababu sura hizo hukaribia uso wa wastani, na uso wa wastani humtuliza mtazamaji. Kwa hiyo ile hisia ya kwamba huyu anaonekana mtu mwema, ambayo wengi wetu tunaitegemea, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Dalili nilizozitaja nazo zinaweza kumwonea asiye na hatia. Kuna watu wanaovaa hereni moja kwa kupenda. Simu nyingi siku hizi hufifisha mandhari ya nyuma zenyewe, na katika kufanya hivyo hula ncha za nywele na kipande cha sikio. Vichujio vya urembo hulainisha ngozi mpaka ikafanana na plastiki. Picha iliyopitia WhatsApp mara tatu hupoteza undani, na kitu kilichokuwa mkufu kinabaki doa. Picha ya pasipoti pia huweka macho katikati, ingawa kwa kawaida huonyesha mabega zaidi, hivyo umbali kati ya jicho na jicho hautafika robo ya upana. Binafsi simhukumu mtu kwa dalili moja. Macho yakiangukia mahali pake na pembeni kukawa na makosa mawili yasiyoelezeka kwa kamera wala kwa vazi, hapo ninaanza kuzungumza kwa uhakika.

Upande wa pili, kipimo cha macho kinamwachia aliyejiandaa. Tapeli anayekata picha kidogo upande wa kulia na kuizungusha kwa nyuzi chache ameshauharibu mraba. Tena, tangu mwaka 2022, zilipoanza kupatikana kwa umma programu zinazochora picha kwa kufuata maelezo ya maneno, kama Stable Diffusion iliyotolewa Agosti mwaka huo, sura ya kompyuta haifungwi tena na mraba ule. Mtu anaweza kuagiza mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyekaa mgahawani karibu na bahari, akapewa, na macho yakawa popote. Kuna pia tovuti zinazodai kukuambia kwa asilimia kama picha ni ya kompyuta. Ninazitazama kama ninavyotazama utabiri wa mvua wa mwezi ujao, hasa picha ikiwa imeshapunguzwa ubora na mtandao ilimopitia.

Kwa sura hizi za kizazi kipya, picha moja haitoshi. Omba au tafuta nne au tano na uzilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Anza na sikio. Umbo la sikio la mtu mzima halibadiliki wiki hadi wiki, na ncha yake ya chini ama imeshikana na shavu ama inaning'inia. Kisha tafuta alama ndogo za mwili, kama doa, kovu, mwanya au jino lililopanda. Mchoraji wa kompyuta anaweza kushikilia sura ya jumla kutoka picha hadi picha, lakini doa lililokuwa chini ya jicho la kushoto linahamia shavuni au linatoweka. Halafu tazama vitu. Maandishi ya bango yasomwe herufi kwa herufi. Soketi ya ukutani katika nyumba ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa kawaida ina matundu matatu ya mstatili. Ukikuta matundu mawili ya mviringo kwenye sebule inayodaiwa kuwa ya Kinondoni, uliza. Usukani wa gari la huku uko kulia. Haya ni mambo madogo, na kila moja lina maelezo yake ya halali, lakini mtu wa kweli anayajibu bila kufikiri.

Hapa ndipo uchunguzi unapotoka kwenye uso na kwenda kwenye historia ya akaunti. Sura inachorwa kwa sekunde chache, ila miaka kumi ya kujulikana na watu haichoreki kwa urahisi huo. Instagram ina ukurasa unaoandikwa `About this account`, unaofikiwa kwa kugusa vidoti vitatu au jina la akaunti, na kwa akaunti nyingi unaonyesha mwezi na mwaka iliyofunguliwa, nchi inakoendeshwa, na mara ngapi jina limebadilishwa. Kurasa za Facebook zina sehemu ya `Page transparency` inayoonyesha tarehe ya kufunguliwa, majina ya zamani na nchi waliko wasimamizi. LinkedIn ilianza Oktoba 2022 kuonyesha `About this profile`, yenye tarehe ya kujiunga na taarifa kama mtumiaji amethibitisha namba ya simu au barua pepe ya kazini. Kila mara ulinganishe tarehe hizo na madai. Duka linalosema liko kwenye biashara tangu 2011 linaweza kuwa limechelewa kuingia Instagram, hilo linawezekana. Lakini akaunti ambayo iliwahi kuitwa jina la msanii, ikaitwa la timu ya mpira, na sasa ni wakala wa mikopo, imenunuliwa au imeporwa.

Kutafuta picha kwa picha kupitia Google Lens, Yandex au TinEye bado kuna kazi yake, kwani matapeli wengi wanaendelea kutumia picha za kuiba za wanajeshi, madaktari na wanamitindo, na hizo hunaswa hapo. Tatizo ni namna ya kusoma matokeo. Picha ikikutwa kwa jina jingine, shauri limekwisha. Isipokutwa popote, ukimya huo upimwe kwa mtu anayedaiwa. Mama muuza dagaa wa Kilwa anaweza asiwe na picha nyingine mtandaoni, na hakuna la ajabu. Mkurugenzi wa masoko anayedai miaka kumi na tano ya kuhutubia mikutano Dubai na London, asiyeonekana hata nyuma ya mtu mwingine kwenye picha moja ya pamoja, hiyo ni habari nyingine.

Kwenye uchumba, watu wengi huamini kwamba simu ya video ndiyo hakimu wa mwisho. Ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani, na hata leo tapeli wa kawaida huikwepa kwa sababu zile zile: kamera imeharibika, yuko kwenye meli, kambini hawaruhusu. Lakini Oktoba 2024, polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililowatapeli wanaume kwa mapenzi ya mtandaoni na kujipatia takribani dola milioni 46 za Marekani. Genge hilo lilitumia sura za wanawake zilizotengenezwa na kompyuta, na mwanaume alipotaka kumwona mpenzi wake kwa video, uso wa aliyekuwa akizungumza ulibadilishwa hapo hapo. Baada ya hapo waathirika walivutwa kuwekeza kwenye jukwaa la uongo la sarafu za kidijitali.

Kwa hiyo simu ya video ipigwe, ila iwe na maombi ambayo hayakuandaliwa. Mwombe ageuze kichwa mpaka uone sikio moja tu, kwa kuwa programu nyingi za kubadilisha uso huyumba pale uso unapotazama pembeni kabisa. Mwombe apitishe kiganja taratibu mbele ya uso huku vidole vimetanuka. Uso wa bandia mara nyingi hutokea juu ya vidole au hupepesuka. Mwombe atembee na simu mpaka dirishani. Hata akipita yote haya, umethibitisha kwamba kuna mtu na huenda uso ni wake. Hujathibitisha jina lake, kazi yake wala nia yake. Kwa uzoefu wangu, mtu mwenye nia njema hucheka akiombwa apitishe mkono usoni, akaupitisha, na yeye akaomba nawe ufanye. Anayekasirika na kuanza kulalamika kwamba mapenzi bila imani si mapenzi ndiye wa kuangaliwa, zaidi pale malalamiko hayo yanapofuatwa na hadithi ya mzigo uliokwama forodhani.

Kuna kisa nilichokishika kwa mikono yangu, na nitakieleza kwa utaratibu tulioufuata. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa anatafuta Toyota IST, akapata akaunti ya Instagram ya wakala aliyedai kuagiza magari kutoka Japani. Bei ilikuwa chini kidogo ya soko, siyo chini sana, na hilo ndilo lililomtia imani. Aliombwa amana ya shilingi milioni mbili ili gari lishikiliwe mnadani. Jioni moja alinibishia hodi na simu mkononi. "Kaka, hebu niangalizie huyu mtu, maana mke wangu hataki kabisa kusikia."

Kwenye picha ya akaunti alikuwepo mwanaume wa makamo mwenye miwani, ametabasamu, nyuma yake kukiwa na rangi ya kijani isiyo jani wala ukuta. Tulitoa picha hiyo kwenye skrini ya kompyuta yangu ndogo, nikakata ukanda wa karatasi wenye upana wake na kuukunja mara mbili. Macho yakaketi katikati ya sehemu mbili za ndani. Mguu wa kulia wa miwani ulikuwa mweusi na mnene, wa kushoto ukawa mwembamba wenye rangi ya dhahabu. Mwalimu akasema, na kwa haki kabisa, kwamba miwani huvunjika na watu huiunganisha. Sikumbishia. Tukashuka kwenye maoni, ambako wateja watatu walikuwa wakishukuru kwa magari waliyopokea, na tukahifadhi picha zao. Nilipozipitisha pamoja na ya wakala, moja baada ya nyingine, mwalimu alivuta kiti karibu na kuniomba nirudie. Nyuso nne, jozi moja ya macho.

Hapo tukaacha picha. Akaunti ilikuwa na miezi minne, na jina lilishabadilishwa mara mbili, ilhali maelezo yake yalisema kampuni ina zaidi ya miaka kumi. Tulitafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa usajili wa BRELA, ambako kampuni na majina ya biashara ya Tanzania Bara husajiliwa, hatukulipata kwa tahajia yoyote kati ya tatu tulizojaribu. Kwa Kenya tungepitia eCitizen na kuomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni. Mwisho, mwalimu alianza kana kwamba anatuma fedha kwa namba aliyopewa, ili tu kuona jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Likaja jina la mwanamke, mtu binafsi, lisilohusiana na kampuni wala na yule mwenye miwani. Akaghairi muamala.

Kwa kuwa bado alikuwa na tumaini la gari, nilimshauri aandike ombi moja tu la kiungwana: apewe namba ya akaunti ya benki yenye jina la kampuni, pamoja na namba ya chesi ya gari lenyewe, ambayo muuzaji wa kweli huwa nayo kwenye karatasi za mnada. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, likisema benki zina makato makubwa na wateja wengine wanasubiri nafasi yake. Aliporudia ombi, alizuiwa. Namba ile ya simu tuliituma kwenda 15040, ambako wateja wa simu Tanzania huripoti namba za utapeli.

Nilimfungulia akaunti ile kutoka simu yangu kama wiki tatu baadaye. Jina lilikuwa limebadilika tena, sasa ni wakala wa nafasi za kazi za Uarabuni, na mwenye miwani ametoweka. Mahali pake alikuwepo mwanamke kijana aliyejitanda mtandio wa buluu. Mwalimu aliniomba ule ukanda wa karatasi, nilikuwa bado ninao ndani ya daftari, akauweka mwenyewe juu ya skrini.

"Macho ni yale yale," akasema.